Moshi au joto: kigunduzi kipi kwa karakana ya mbao Goma?

Chukua karakana ya Birere yenye misumeno mbele, ofisi nyuma, na mlinzi anayelala ofisini. Tathmini ya hatari inaanza kwa kutafuta kinachoweza kuwaka na kinachoweza kukiwasha: unga wa mbao, vanishi, jenereta. Kisha unauliza nani yuko hatarini zaidi. Hapa ni mlinzi, kwa kuwa akilala hasikii harufu ya moshi, na njia yake ya kutoka inapita kwenye misumeno.

Kigunduzi cha moshi humwamsha mapema, hata moto ukiwa bado unafuka bila ndimi. Lakini kwenye misumeno vumbi huingia ndani yake, king'ora kinalia ovyo, na baada ya siku chache mtu anatoa betri. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Kigunduzi cha joto hakijali vumbi. Aina nyingi hulia karibu na nyuzi 58, yaani moto ukiwa tayari mkubwa. Unga wa mbao unaweza kufuka kwa saa nyingi bila kukistua.

Ningeweka cha joto kwenye misumeno na cha moshi ofisini, viunganishwe ili kimoja kikilia vyote vilie. Unga ufagiliwe na kutolewa nje kabla ya kufunga.

Kila wiki bonyeza kitufe cha majaribio, mlinzi akiwa kitandani na mlango umefungwa, aseme kama amesikia. Kitufe kinathibitisha umeme na sauti, si kwamba moshi au joto linafika kwenye kihisi. Kihisi cha moshi hupimwa kwa kopo la moshi wa majaribio, cha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kamwe si kiberiti. Andika matokeo, na rudia tathmini ukibadilisha mashine.