Simu za wadadisi wa fildi: kabla hujaagiza 40, zima data kwanza

Nianze na kosa langu maana ndo limenifanya niandike hii. Tuliagiza simu 40 za kuzungukia kaya, aliyesaini ni mimi, na sampuli mbili nilizijaribu kwa mkono wangu ofisini: nafungua fomu, nabonyeza kuchukua pointi ya mahali nilipo, sekunde tatu nne hivi inakuja, usahihi mita 12. Nikasema hizi hizi, leteni. Siku ya kwanza fildi watu wamezima data ili bando na betri vifike jioni, saa tatu asubuhi simu zikaanza: dada, GPS haikamati, tumesimama hapa dakika kumi. Jioni nafungua data naona kaya sita za mdadisi mmoja zina pointi ile ile mpaka desimali ya mwisho, na nyingine urefu toka usawa wa bahari ni 0 wakati tupo mlimani.

Hapo ndo nikaelewa nilichojaribu ofisini haikuwa GPS. Ilikuwa Wi-Fi na minara ya mtandao ikiisaidia simu kukisia ilipo. Ukiona urefu ni 0 au pointi inajirudia kaya hadi kaya, shuku kwamba hiyo haijatoka kwenye setelaiti, au ni ya zamani simu iliyokuwa imeihifadhi.

Hiki ndo kitu ambacho karatasi ya sifa za simu haikuambii, kule wameandika "GPS: ndiyo" basi yameisha. Iko hivi: ili simu ijue ilipo lazima isikie setelaiti zisizopungua nne, na kila setelaiti itume taarifa za njia yake. Setelaiti ya GPS hutuma taratibu mno, biti 50 kwa sekunde, taarifa hizo zinarudiwa kila sekunde 30. Data ikiwa imewashwa simu inazichukua mtandaoni fasta. Ikiwa imezimwa inabidi izisikilize yenyewe toka angani, na kama antena ni dhaifu, mti au ukuta ukikata mawimbi katikati, inasubiri mzunguko mwingine, ikikatika tena inasubiri tena. Simu nzuri kwenye uwazi inamaliza ndani ya dakika moja hivi, mbovu inakuzeesha.

Piga hesabu. Wadadisi 40, kila mmoja kaya 10 kwa siku, kila kaya wapoteze dakika 6 tu kwa wastani, hizo ni dakika 2,400, yaani saa 40. Kwa siku ya kazi ya saa 8 unalipa watu watano kila siku kuangalia mawingu. Ile nafuu niliyopata kwenye bei ya jumla iliisha kabla wiki ya pili haijaanza.

Kwa hiyo mimi sasa najaribu hivi. Nanunua mbili, naweka apu ya GPSTest, inaonyesha setelaiti ngapi zinasikika na muda wa kupata pointi ya kwanza. Nazima data, Wi-Fi, na ule utafutaji wa Wi-Fi na Bluetooth uliojificha kwenye mipangilio ya mahali (huo watu wengi wanausahau). Nailaza simu imezimwa usiku kucha, maana taarifa za setelaiti zinadumu saa chache tu na nataka ianze bila akiba. Asubuhi nasimama uwanjani, naiwasha, naanza kuhesabu mpaka usahihi ushuke chini ya mita 10, halafu siku nyingine narudia chini ya mti. Ikizidi dakika mbili kwenye uwazi siichukui hata wanipe kwa nusu bei. Na ile namba ya usahihi msiiamini kama ya fundi mpima ardhi, kwenye Android ikisema mita 8 maana yake kuna kama asilimia 68 kwamba upo ndani ya duara la mita 8, pointi moja kati ya tatu inaweza kuwa nje. Kwa kuirudia nyumba ya mtu inatosha, kwa mpaka wa kiwanja hapana.

Haya, orodha yangu, na sijifichi, mimi ni mtu wa Samsung.

Ya kwanza ni Galaxy A15 au A16. Betri 5,000 mAh, nafasi 128 GB, na kwangu zimepita mtihani wa uwanjani bila kelele. Ukiagiza nyingi unazipata za aina moja, na hiyo ni raha kubwa kwenye mafunzo kwa sababu menyu ya kila mtu inafanana.

Ya pili ni Galaxy XCover7. Betri yake ni ndogo, 4,050 mAh, lakini inatoka! Mdadisi anabeba ya akiba mfukoni, anabadilisha, anaendelea, wala hahitaji pawabenki. Haiogopi maji wala vumbi. Ingekuwa ya kwanza kama si bei, ukiizidisha mara 40 mhasibu anakuita ofisini.

Ya tatu, simu za daraja la juu zilizotumika, zile zinazosikia masafa mawili ya setelaiti, L1 na L5. Karibu na majengo marefu zinazishinda mpya nyingi za bei ya kati. Tatizo betri zimechoka, na kupata 40 zinazofanana ni ndoto.

Za bei ya chini kabisa zenye RAM 2 GB: ukifungua kamera katikati ya fomu, Android inaiua fomu ili ipate nafasi. Hiyo inatosha kuzikataa.

Nafasi ya kuhifadhi msiihangaikie sana, fomu ni nyepesi, wanaokula ni picha. Kama mnatumia ODK Collect kadi ya memori haitawasaidia, apu haihifadhi fomu huko. Punguzeni picha kwenye fomu yenyewe na hapo hapo mbane pointi mbovu:

```
image     parameters: max-pixels=1024
geopoint  parameters: capture-accuracy=8 warning-accuracy=15
          constraint: number(selected-at(., 3)) <= 15
```

Hiyo 3 ni sehemu ya nne ya pointi, inahesabiwa kuanzia sifuri, ndo penye usahihi.

Sasa wauzaji. Jamani. Sampuli niliyopewa na mzigo ulioletwa vilikuwa na jina moja ila chipu tofauti, nikiuliza naambiwa "dada ni model ile ile". Na kweli jina ni lile lile, hili hata kampuni kubwa wanafanya, Galaxy A14 ya 4G ilitoka na Exynos 850 na pia na Helio G80. Kwa hiyo kwenye oda andika namba kamili ya modeli na chipu, na kabla hujalipa salio fungua boksi tano unazochagua wewe, sio anazokukabidhi yeye, uzipeleke uwanjani. Anayekwambia ukifungua boksi umeshanunua, mwache.

Kama umeshaliwa kama mimi, asubuhi kabla timu haijatoka wote wasimame nje, wawashe data, wachukue pointi moja ya majaribio ndo wazime. Inawabeba saa mbili tatu, mchana wanarudia. Zile 40 zangu zilimaliza mradi hivyo hivyo.