Uzoefu wangu: kupanga upya mbinu rejeshi za mswada kwa LibreOffice Writer

Natumia LibreOffice Writer kuhariri miswada ya riwaya. Kazi inayonifanya niisifu zaidi ni kupekua mbinu rejeshi, yaani sehemu zinazomrudisha msomaji kwenye matukio ya zamani, zilizojazana kwenye rasimu ya kwanza, kisha kuamua ipi ibaki, ipi ihamishwe na ipi iyeyushwe ndani ya tendo. Programu ni ya bure na haihitaji intaneti. Haikuamulii chochote, ila inakuonyesha mahali hadithi iliposimama. Hilo ndilo gumu kwa mwandishi kuliona, maana historia ya wahusika anaijua yeye, na kila kumbukumbu kwake ina uzito.

Naanza kwa kuzitafuta. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu masimulizi ya kawaida huenda kwa -li- na -ka-, na mwandishi anaporudi nyuma zaidi karibu kila mara hutumia "alikuwa ame-". Fungua `Find & Replace` kwa `Ctrl+H`, panua `Other options`, weka alama kwenye `Regular expressions`, kisha andika hivi:

```
\w*likuwa \w+me\w+
```

Bonyeza `Find All`. Hutapata neno moja moja: "alikuwa amefika", "walikuwa wameketi" na "nilikuwa nimesahau" vyote vitachaguliwa kwa pamoja. Funga dirisha bila kubofya kwingine, halafu vipake rangi ya njano. Sasa pitisha macho. Njano moja peke yake katika ukurasa haina tatizo, ni taarifa ndogo tu iliyopita njiani. Zikikusanyika tatu au nne ndani ya aya moja, hapo mwandishi ameingia wakati uliopita na huenda akakaa kurasa kadhaa. Utafutaji huu huokota na visivyohusika, kama "alikuwa akimeza", na huacha vingine, kama "alikuwa hajafika". Kwa hiyo narudia na `\w+kumbu\w+` ili kunasa "alikumbuka" na "ilimkumbusha".

Baada ya hapo naweka vichwa. Kila sura iwe `Heading 1`. Pale rejeshi inapoanza, naandika mstari wa muda kama "RUDI: ufunguo" na kuufanya `Heading 2` kwa `Ctrl+2`. Ukibonyeza `F5`, `Navigator` itakupa ramani ya mswada mzima, na unaweza kukivuta kichwa kwa kipanya ukakipeleka sura nyingine pamoja na maandishi yake yote.

Hapa wengi hujikwaa. Programu huhesabu kuwa maandishi ya kichwa yanaendelea hadi kichwa kinachofuata cha ngazi ileile au ya juu yake. Ukiweka kichwa mwanzoni mwa rejeshi tu, ukaivuta, itaondoka na sehemu yote ya sura iliyobaki. Kwa hiyo weka `Heading 2` nyingine pale hadithi inaporejea, mathalani "SASA: mlangoni". Hiyo si kasoro ya programu, ndivyo ilivyojengwa. Hata hivyo, hifadhi nakala ya faili kabla ya kuvuta chochote.

Ukishachora ramani, uamuzi ni wako. Nichukue riwaya ya mfano. Sabina anataka kufungua sanduku la marehemu baba yao, na ufunguo uko kwa kaka yake, Juma. Rasimu ina rejeshi tatu kubwa. Ya kwanza, ya mazishi ya baba, iko sura ya 1 na ina maneno 400. Ya pili iko sura ya 3 na ina maneno 850: Sabina amesimama mlangoni kwa Juma usiku, amebisha hodi, na papo hapo tunarudishwa utotoni, siku baba alipomkabidhi Juma ufunguo. Ya tatu iko sura ya 9 na ina maneno 600, nayo ni ya usiku mmoja wa zamani ambao Sabina hajawahi kuutaja. (Ukichagua maandishi, idadi ya maneno huonekana chini ya dirisha.)

Swali langu la kwanza kwa kila moja ni hili: msomaji alikuwa anasubiri nini pale hadithi ilipokatwa? Mlangoni anasubiri mlango ufunguliwe, aone Juma ataupokeaje ujio huo. Maneno 850 ya utotoni hayajibu hilo wala hayaliongezei makali, na mlango utakapofunguliwa joto litakuwa limepoa. Urefu pekee si kosa. Maneno 850 yaleyale yangevumilika baada ya mlango kufungwa, wakati hakuna kinachosubiriwa.

Swali la pili: nikiifuta kabisa, ni mstari upi wa mbele utakaokosa maana? Naificha kwa kuikata na kuibandika kwenye faili ya pembeni, kisha nasoma sura zinazofuata. Katika ile ya ufunguo, mambo mawili tu ndiyo yaliyohitajika: kwamba baba alimpa Juma, na kwamba Sabina aliliona hilo ni dhuluma. Baraza, mvua, nguo za sikukuu na methali za baba havikuguswa tena popote. Rejeshi ya maneno 850 inapobeba mambo mawili tu, huyeyushwa ndani ya tendo, namna hii:

"Juma alifungua mlango nusu. Kamba nyeusi ilikuwa bado shingoni mwake, ufunguo ukining'inia juu ya kifua. Alipoona macho ya Sabina yalipotua, aliufunika kwa kiganja. 'Baba alinipa mimi,' alisema. 'Alikupa kwa kuwa wewe ni wa kiume, kaka,' Sabina alijibu, 'si kwa kuwa ni mwaminifu.'"

Ni chini ya maneno 50, na mlango umefunguliwa. Kilichofanya kazi ni kiganja. Taarifa ya zamani imepewa kitu kinachoonekana sasa na mtu mwenye sababu ya kukificha. Wanaokosea hapa huhamishia historia kwenye mazungumzo ikiwa nzima nzima: "Unakumbuka siku ile baba alipokupa ufunguo, ulipokuwa na miaka 12, tukiwa tumeketi barazani?" Hakuna ndugu anayemwambia mwenziwe kitu ambacho wote wawili wanakijua. Kauli ya zamani iwe lawama, utetezi au tishio. Ikiwa taarifa tupu, itasikika ya kupachikwa.

Rejeshi ya mazishi ina shida tofauti. Ndani yake Juma anamwambia Sabina mbele ya watu, "Wewe si wa nyumba hii." Ni tukio zuri, lakini likiwa sura ya 1 linamfikia msomaji asiyemjua hata mmoja wao, halimuumi. Nalihamishia sura ya 6, mara baada ya Juma kuapa kwamba hajawahi kumkana dada yake. Hapo msomaji anataka kujua nani anasema kweli, na kumbukumbu inakuja kama ushahidi. Kwa kawaida rejeshi ya kuhamisha huitambua kwa hilo: yenyewe imekamilika, ila inajibu swali ambalo bado halijaulizwa.

Kuivuta kwenye `Navigator` ni kazi ya sekunde chache. Kinachochukua muda ni kuziba mashimo iliyoyaacha. Mjomba aliyetambulishwa mazishini sasa anatokea sura ya 2 bila utambulisho, kwa hiyo natafuta jina lake kwa `Ctrl+F` tangu mwanzo wa faili na kumtambulisha pale anapojitokeza mara ya kwanza. Natafuta pia maneno "mazishi", "siku ile" na "tena", kwa sababu sentensi kama "alimtukana tena" hudai kwamba tusi la kwanza tumeshalisikia. Si lazima kila rejeo lifutwe. "Baada ya yale ya mazishini, hakukanyaga tena kwa Juma" inaweza kubaki sura ya 2, maana sasa imekuwa chambo.

Ya tatu inabaki. Sabina hatimaye ana ufunguo mkononi, anakumbuka usiku ambao yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alilifungua sanduku kwa msumari, akaichoma barua ya baba kwa woga. Barua ambayo Juma anashutumiwa kuificha haimo sandukuni. Kumbukumbu ikiisha, Sabina anaurudisha ufunguo. Hicho ndicho kipimo changu kikali kuliko vyote: je, mhusika akitoka kwenye kumbukumbu anafanya kitu ambacho asingekifanya kabla ya kuingia? Ikiwa ndiyo, rejeshi yenyewe ni tendo, na kuifupisha iwe sentensi mbili ni kuiua.

Hata hivyo inadai deni. Kama tumekuwa ndani ya mawazo ya Sabina kwa sura nane, msomaji atahisi amedanganywa kwamba alilijua hili muda wote. Napanda dalili angalau mbili kabla: sura ya 4 anakataa kuwasha moto wa karatasi, na sura ya 7 watu wakiulizana kuhusu barua yeye anakuwa wa kwanza kubadilisha mada. Naziwekea alama ya maoni kwa `Ctrl+Alt+C` ili nisizifute kwa bahati mbaya wakati wa kupunguza maneno.

Kinachobaki ni mlango wa kuingilia na wa kutokea, na hapo zile njano za mwanzo zinarudi kazini. Kitenzi cha kwanza, pengine na cha pili, kiwe "alikuwa ame-", ili msomaji ajue tumerudi nyuma. Baada ya hapo endelea kwa -li- na -ka- kama masimulizi ya kawaida: "Sabina alikuwa amesubiri hadi nyumba nzima ilale. Alichukua msumari, akanyata, akapiga magoti mbele ya sanduku." Ukiendelea na "alikuwa amechukua, alikuwa amenyata", kila kitenzi kinaburura mguu, na tukio linageuka ripoti. Ukikosea upande wa pili, ukaanza na -li- moja kwa moja, msomaji atadhani Sabina mtu mzima ndiye anayenyata leo. Kutoka nako kunataka kitu cha sasa kinachogusika. "Ufunguo ulikuwa umepata joto mkononi mwake" inatosha, na haihitaji "alizinduka kutoka kwenye mawazo" kabla yake.

Programu ina mipaka yake katika kazi hii. Utafutaji ule unategemea mwandishi atumie "alikuwa ame-". Mswada ulioandikwa kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo, "nabisha hodi, nasubiri", hurudi nyuma kwa -li- ya kawaida, na hapo utafute -li- kwa macho yako, ukurasa kwa ukurasa. Halafu, kabla ya kumtumia mtu mswada, futa vichwa vyote vya "RUDI" na "SASA". Vitafute kimoja kimoja kwenye `Navigator`, kwa kuwa ukifuta mstari wa kichwa ovyo aya inayofuata inaweza kurithi mtindo wa `Heading 2` na kuvimba ghafla katikati ya sura. Ikitokea, weka kishale kwenye aya hiyo na uirudishe kwa `Ctrl+0`.