Kipande cha mahubiri kimekatwa: video ya maelezo au kiungo cha ibada nzima?

Tuseme mchungaji wa Kadutu, Bukavu, anasoma maneno ya mke wa Ayubu, "umkufuru Mungu, ukafe", kisha anayapinga. Mtu anakata sekunde tisa za kwanza tu, na jioni zinazunguka WhatsApp.

Kwa gharama, video ya maelezo ya dakika mbili inashinda: haili mega nyingi, na inapita mlemle kilimopita kipande. Mchungaji akae, aonyeshe kipande chenyewe, aendeleze hadi sentensi iliyokatwa, asimtaje aliyekata. Akipandisha sauti tu, hasira yake itakatwa pia.

Kwa kuaminika, kiungo kinashinda, kwani video yako nayo ni kipande ulichochagua wewe. Lakini nani atatafuta ndani ya saa mbili? Kama maneno hayo yapo kwenye dakika ya 31 na sekunde 10, ongeza mwishoni mwa kiungo cha youtu.be:

```
?t=1870
```

Kama kiungo tayari kina `?`, andika `&t=1870`. Ukiifuta ibada, kiungo kinakufa na shaka inaongezeka.

Kipande kikiwa bado kwa waumini wako, kiungo kinatosha. Kikifika kwa wasiokujua, toa video, kiungo chini yake.