Kuanza panjani au utosini?

Saluni za Ngamiani, Tanga, ubishi huu hauishi. Mimi naanza kwa kuuliza: unapaka nini?

Kwa dawa ya kunyoosha, naanzia utosini. Nywele za panjani na ukingoni mwa uso ni nyembamba, gamba lake la nje ni jepesi, kwa hiyo dawa hupenya upesi. Ukianza nazo, hadi umalize kichwa kizima zimeshapitiliza muda, na ngozi ya hapo inaanza kuwasha. Mteja wangu mmoja alianziwa mbele katika saluni nyingine. Alikuja kwangu panja zimekatika kama nyasi za kiangazi. Kwa dawa ya dakika 15, ukingo naugusa katika dakika tano za mwisho, baada ya kuupaka mafuta mazito kwenye ngozi.

Rangi ya kuficha mvi ni kinyume. Mvi za panjani mara nyingi ni kaidi, hukataa rangi, hizo zitangulie.

Tukirudi kwenye dawa ya kunyoosha, kisogo hakina kanuni. Kuna wenye nywele laini hapo, kuna wenye ngumu kuliko za utosini. Kujua kama dawa imekolea hapo, ifute kwenye kishungi kimoja, kibonyeze kwa mgongo wa kitana: kikijikunja tena, bado.