Uzoefu wangu na fundi wa kuchimba na kujengea shimo la choo mlimani Kitangiri, Mwanza

Nilimpa fundi mmoja wa mtaani kazi nzima: kukadiria gharama, kuchimba shimo, kulijengea kwa tofali na kulifunika kwa zege. Kazi yake ya mikono ninaisifu bila kusita, ila makadirio yake yalikuwa na mapengo mawili ambayo mtu yeyote anayejenga kwenye vilima vya Mwanza atakutana nayo.

Tulikubaliana shimo lenye nafasi ya ndani ya futi 6 kwa 5 na kina cha futi 10, ambalo kutokana na unene wa ukuta lilichimbwa futi 7 kwa 6. Uchimbaji alitoza kwa futi ya kina: shilingi 20,000 kwa kila futi hadi ya sita, kisha 30,000 kwa zilizobaki, kwa sababu kadiri shimo linavyozama ndivyo udongo unavyolazimika kuvutwa kwa ndoo na kamba. Jumla ilikuwa 240,000, nami niliona ni haki.

Katika vifaa alikuwa makini zaidi kuliko nilivyotarajia. Mzunguko wa ukuta, ukipimwa katikati ya unene wake, ni futi 24, na ukiuzidisha kwa kina unapata futi za mraba 240. Tofali la inchi 6, pamoja na udongo wake wa saruji, hufunika futi ya mraba moja na robo hivi, kwa hiyo zinahitajika tofali 190 na kidogo. Akaandika 200 ili kufidia zitakazovunjika. Saruji aliandika mifuko 14. Nilipomwomba anionyeshe hesabu, tulipata mitano ya kujengea, mitatu ya zege la mfuniko, mmoja wa mkanda wa juu na mmoja wa lipu, akashusha hadi 10 bila kununa. Sehemu ya chini ya ukuta aliziacha wazi nafasi za wima kati ya tofali ili maji yanywewe na ardhi, akaziba kabisa futi 3 za juu, jambo linalopunguza saruji na ndilo linalotakiwa kiufundi.

Makadirio yake ya mwisho, pamoja na nondo 7 za milimita 10, mchanga, kokoto, mbao na ufundi, yalikuwa 1,276,000. Ndani yake usafiri uliandikwa 80,000, na hapo ndipo penye pengo la kwanza, kwa kuwa fedha hiyo ilikuwa ya kanta peke yake, nayo kanta huishia barabarani. Kutoka hapo hadi kiwanjani kuna njia ya mawe isiyopitika hata kwa toroli, na kila kitu hupanda kichwani. Vibarua walitoza 300 kwa tofali, 1,500 kwa mfuko wa saruji na 500 kwa ndoo ya lita 20 ya mchanga au kokoto, ambazo zilifika ndoo 105. Kupandisha peke yake kulikula 127,500, yaani zaidi ya gari lenyewe. Fundi anayeishi mtaa huohuo alipaswa kuliandika hilo kabla sijauliza.

Pengo la pili ni jiwe. Kwenye futi ya saba walikuta mwamba umeshika kona moja. Kwa bahati nzuri nilikuwa nimesisitiza tangu mwanzo kwamba bei ya futi ni ya udongo, na jiwe litalipwa kwa siku ya kibarua, si kwa bei itakayotajwa shimo likiwa wazi na mwenye nyumba hana pa kukimbilia. Walichimba kwanza pembeni yake kuona kama lina mwisho. Lilikuwa jiwe lililojitenga, wakalichoma kwa kuni, wakalimwagia maji, kisha wakalipasua kwa nyundo kubwa. Nilitoa 90,000 pamoja na kuni. Lingekuwa mwamba mama, tungehamisha shimo, na futi zilizokwisha kuchimbwa zingelipwa vilevile. Ndiyo maana ningependa fundi huyu awe anagongelea mtaimbo kwenye kona zote nne kabla ya kutaja bei: ukigota mapema kwenye kona moja, sogeza alama za shimo kabla koleo halijagusa ardhi. Hatua hiyo haionyeshi mawe ya chini sana, lakini huyaonyesha yaliyo karibu.

Hivyo nililipa 1,493,500. Bei za vifaa hubadilika, lakini vipimo na idadi vinaweza kutumika kwa shimo la ukubwa huu popote.

Kwa kiwanja cha mlimani ningemwita tena, mradi kupandisha na jiwe viandikwe kwenye karatasi ya makadirio. Kwa kiwanja cha bondeni karibu na ziwa nisingemwita, kwa sababu mpango wake wa bei kwa futi hauna nafasi ya kuvuta maji, na nilipomuuliza angefanyaje maji yakitokea kwenye futi ya tano, alijibu kwamba angesubiri kiangazi.