Uzoefu wangu na video za HDR za iPhone: kwa nini kanzu nyeupe hutoka kijivu runingani

HDR ya iPhone, setingi inayorekodi mng'ao mkali na rangi nyingi kuliko video ya kawaida, naitumia sana hapa Lamu kwa harusi, zefe la Maulidi na mashindano ya mashua, na hukumu yangu ni hii. Kwa jua na bahari ya huku sijaona setingi ya kamera yenye faida kubwa kuliko hiyo. Na kwa mtu atakayetazama kwenye runinga ya kawaida sebuleni, sijaona inayoleta malalamiko mengi zaidi.

Malalamiko huwa yaleyale. Kwenye simu kanzu ni nyeupe pe, bendera za kijani zimekolea, maji yanametameta. Video ikitiwa kwenye flashi na kuchomekwa runingani, au ikirushwa ukutani kwa projekta, kanzu zinakuwa za kijivu, bendera zimepauka, na nyuso za watu ni kama zimepakwa vumbi. Watu hulaumu flashi, kebo au mpiga picha. Hakuna kati ya hivyo chenye kosa. Faili ni nzima kabisa, ila imeandikwa kwa kanuni moja na inasomwa kwa kanuni nyingine.

Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizi hurekodi video ya HDR ya biti 10, na setingi huja ikiwa imewashwa tayari. Jina linalotajwa ni Dolby Vision, lakini ndani yake picha yenyewe imeandikwa kwa HLG, kanuni iliyobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani kwa ajili ya matangazo ya runinga. Rangi zake ni za kipimo kipana kiitwacho BT.2020. Runinga ya kawaida na projekta nyingi zinajua BT.709 peke yake, kipimo cha zamani chenye rangi finyu zaidi.

HLG ilitengenezwa kwa makusudi ili runinga isiyo na HDR nayo ipate picha ya kutazamika. Sehemu ya chini ya mwanga imeandikwa karibu sawa na video ya kawaida, na sehemu ya juu ndiyo iliyobanwa ili ibebe mng'ao mkali. Kwa hiyo picha haiharibiki waziwazi, inapauka tu, na mtazamaji hudhani ndivyo ilivyopigwa. Ahadi hiyo ya kupatana na runinga za zamani pia ilihusu mwanga kuliko rangi: inadai skrini inayoelewa BT.2020, hata kama haina HDR. Skrini ya BT.709 haimo katika mapatano hayo.

Tuchukue zefe likipita mbele ya bahari. Kwa mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la viwango vya mawasiliano, uitwao BT.2408, kitu cheupe cha kawaida, kama kanzu, katika HLG huwekwa kwenye asilimia 75 ya kipimo. Nafasi iliyobaki juu imeachiwa jua linalopiga juu ya maji, taa, na vyuma vinavyong'aa. Katika video ya kawaida, cheupe kiko karibu na 100. Sasa runinga isiyoijua HLG inaipokea ile 75 na kuitafsiri kwa mkunjo wake wa mwanga, wenye kipeo cha 2.4. Ukipiga hesabu, 0.75 kwa kipeo cha 2.4 ni 0.50. Kanzu inatoa nusu tu ya mwanga ambao skrini ingeweza kuutoa kwa weupe. Ndiyo kijivu chenyewe.

Rangi nazo zina hesabu yake. Chukua kijani safi kabisa ya video ya kawaida: nyekundu 0, kijani 100, buluu 0. Ukiihamishia BT.2020 na kuiandika kwa HLG, inakuwa takriban nyekundu 51, kijani 73, buluu 26. Kwa skrini ya HDR namba hizo zinamaanisha kijani ileile. Skrini ya kawaida inazichukua kama zilivyo, na bendera inatoka kama jani lililoanza kukauka. Ndiyo maana kuongeza rangi kwa mkono ndani ya programu ya kuhariri hakuponyi: rangi haikupungua tu, imeegemea upande. Ukiisukuma hadi bendera ikolee, nyuso zinageuka machungwa.

Simu yenyewe inachangia udanganyifu. Kwa niti, kipimo cha mwanga wa skrini, iPhone 12 inafika niti 625 kwa matumizi ya kawaida na niti 1,200 kwa HDR, kwa hiyo video ikichezwa, sehemu zinazometa huongezewa mwanga kupita kitu kingine chochote kwenye skrini. Usihukumu kazi ya mteja kwa skrini hiyo. Ukiwa nje juani ni mbaya zaidi, kwa sababu mwanga wote umeshatumika kuifanya skrini isomeke na nafasi ya HDR imebaki ndogo.

Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha kwanza faili ni ya aina gani. Ndani ya simu, programu ya picha huandika `HDR` kwenye kona ya video. Kwenye kompyuta mimi hutumia ffprobe, programu inayosoma maelezo ya faili ya video na inayokuja pamoja na ffmpeg:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_transfer,color_primaries zefe.mov
```

Ukiona `arib-std-b67`, hiyo ni HLG. Ukiona `smpte2084`, hiyo ni PQ, kanuni ya HDR10 na HDR10+ inayotumiwa na baadhi ya simu za Android zenye HDR. PQ ikichezwa bila kutafsiriwa huwa mbaya zaidi, maana cheupe chake kiko kwenye asilimia 58 na kanzu inabaki na robo tu ya mwanga. Ukiona `bt709`, faili si ya HDR, tafuta tatizo kwingine.

Sasa tafsiri. Amri hii ya ffmpeg, programu ya kubadili video, inafungua mwanga, inahamisha rangi kwenda BT.709, inabana mng'ao, kisha inaandika faili ya H.264 ya biti 8:

```
ffmpeg -i zefe.mov -vf "zscale=t=linear:npl=100,format=gbrpf32le,zscale=p=bt709,tonemap=mobius:desat=0,zscale=t=bt709:m=bt709:r=tv,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k zefe_sdr.mp4
```

Neno muhimu hapo ni `mobius`, fomula ya kubana mng'ao. Mifano mingi inayozunguka ya amri hii hutumia `hable`, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu wametafsiri vizuri na kanzu bado ni za kijivu. Nimezipigia hesabu fomula zote mbili kwa kanzu ya niti 203, ambayo ndiyo ile asilimia 75 kwenye skrini ya niti 1,000. `hable` inaipa takriban asilimia 51 ya mwanga wa skrini, karibu sawasawa na ile video isiyotafsiriwa. Rangi zimerudi, weupe haujarudi. `mobius` inaipa takriban 83, na hapo jicho linaona nyeupe.

Gharama ipo. Kila kilicho kati ya niti 203 na 1,000 sasa kinabanwa katika ile nafasi ndogo kati ya 83 na 100. Povu la mawimbi na kingo za mawingu zinakosa tabaka. Kwa video ya jahazi machweo, ambapo mawingu ndiyo habari yenyewe na hakuna kanzu juani, narudi kwenye `hable` bila kusita. Kwa harusi na zefe, `mobius` daima. Lakini `npl=100` iache ilivyo, kwa maana kichujio cha `tonemap` kinakadiria kilele cha mwanga kwa kipimo hicho. Ukikibadili, hesabu zake hazilingani tena.

Kazi hii ni nzito kwa kompyuta ndogo, na video ya 4K huchukua muda mrefu kuliko urefu wake. Jaribu kipande cha sekunde 10 kwanza, kwa kuweka `-ss 00:00:20 -t 10` kabla ya `-i`, ukikipima kwenye skrini ileile itakayotumika. Ikiwa ffmpeg itasema `No such filter: 'zscale'`, toleo ulilonalo limejengwa bila maktaba ya zimg, na dawa ni kutafuta toleo kamili.

Mara nyingine faili imeshapita kwenye programu fulani iliyoifuta lebo. Picha imepauka kama HLG, lakini ffprobe inaandika `unknown`, au inakosea na kuandika `bt709`. Dalili ninayoiamini ni kipimo cha mwanga ndani ya programu ya kuhariri: ikiwa vitu vyeupe vyote vimekwama karibu na 75 na ni vimulimuli vya jua tu vinavyovuka, hiyo ni HLG iliyopoteza jina. Badili kichujio cha kwanza kiwe hivi:

```
zscale=tin=arib-std-b67:pin=2020:min=2020_ncl:p=2020:t=linear:npl=100
```

Ikiwa programu hiyo ilishaipunguza hadi biti 8, anga la buluu linaweza kutoka na mistari. Vidato 1,024 vimekuwa 256, kisha sisi tunavivuta vitanuke. Hilo halina dawa, ni kurudi kwenye faili ya asili.

Usitafsiri faili mara mbili. Ukiilazimisha faili ambayo tayari ni ya kawaida ipite kama HLG, rangi zinawaka kupita kiasi na nyuso zinakuwa nyekundu. Ndiyo sababu naanza na ffprobe kila mara, hata kama jicho langu limeshaamua.

Faida ya pili ya kutafsiri ni kwamba runinga kadhaa za zamani hutoa sauti bila picha zikipewa faili ya asili, kwa sababu haziwezi kufungua video iliyobanwa kwa mfumo wa HEVC wa biti 10. H.264 ya biti 8 huchezwa karibu popote.

Je, uzime HDR kabisa? Kama kazi inakwenda moja kwa moja kwenye projekta jioni ileile na hakuna kompyuta karibu, nenda `Settings`, kisha `Camera`, kisha `Record Video`, uzime `HDR Video`. Zima kabla ya kupiga, kwa maana setingi hiyo haigusi video zilizokwisha kurekodiwa. Na ukizima, simu itakata mng'ao palepale wakati wa kurekodi. Ukuta wa chokaa uliopigwa na jua la saa saba mchana, na kanzu mbele yake, vinaweza kuungana kuwa bapa moja jeupe lisilorudi. Kwa kazi ninayoipa thamani naiacha imewashwa, namkabidhi mteja faili mbili, ya asili na ya `_sdr`, na namwambia ile ya pili ndiyo ya runinga.