Nilipopiga picha swali la integrali: uzoefu wangu na programu ya simu inayogawa visehemu

Ninafundisha Hisabati ya Juu kwa wanafunzi wa Kidato cha Sita, na kwa mihula miwili nimekuwa nikitumia programu ya simu ambayo mtu huelekeza kamera kwenye swali, hufunga swali ndani ya fremu, kisha hupewa jibu pamoja na hatua zake. Jina lake silitaji. Hapa nitaeleza kazi moja tu niliyoipima kwa makini, yaani kuigawa sehemu ya polinomia mbili katika visehemu vidogo na kisha kutafuta integrali ya kila kisehemu, kwa kuwa ndiyo kazi inayowachosha wanafunzi wangu na ndiyo iliyonifanya nilipie mwezi mmoja ili nione hatua kwa ukamilifu.

Swali nililolipiga picha nilikuwa nimeliandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi yenye mistari:

```
(5x² - 4x + 9) / ((x - 1)(x² + 4))
```

Jibu lililorudi lilikuwa na sura hii:

```
5x/2 + (5/3) ln|x - 1| - (37/6) ln|x + 2| + C
```

Kabla sijakagua hesabu yoyote, kitu kimoja kilinishtua: ile 5x/2 ya mwanzo. Kipande kama hicho hutokea pale tu ambapo kipeo kikubwa cha kiasi kinalingana na cha asili au kukizidi, hata ikabidi kugawanya kwanza na kupata sehemu nzima na baki. Katika swali langu kiasi kina kipeo cha 2 na asili, ikifunguliwa mabano, ina kipeo cha 3, kwa hiyo hapakuwa na cha kugawanya. Niliporudi kwenye mstari mdogo wa juu, ambapo programu huonyesha namna ilivyolisoma swali, nikaona kwamba kale ka-2 kadogo ka juu ya x kalishushwa chini, na x² + 4 ikawa 2x + 4. Kwa swali hilo ililojisomea yenyewe, hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa la macho.

Nilifikiri nimepata njia rahisi ya kuwafundisha wanafunzi kunasa kosa la namna hii, nayo ni kuchagua thamani moja ya x, kuiingiza katika swali la karatasini, kisha kuiingiza katika visehemu vilivyotolewa na kulinganisha. Nikachagua x = 2 kwa kuwa ni namba nyepesi. Karatasi yangu ilitoa 21/8, na visehemu vya programu vikatoa 21/8 vilevile! Nilikaa kidogo nikiitazama ile simu. Sababu ni kwamba x² na 2x hulingana mahali pawili, x = 0 na x = 2, na thamani hizo mbili ndizo mtu mvivu huzikimbilia kwanza. Kwa x = 3 mambo yakawa wazi: karatasi inatoa 42/26, ambayo ni takriban 1.615, ilhali visehemu vya programu vinatoa 2.1. Tangu siku hiyo ninawaambia wanafunzi wasipime kwa 0, 1 wala 2, bali waanzie 3.

Niliandika upya swali lile, nikainua kipeo juu zaidi na kukipa nafasi, nikawasha taa ya simu ili kivuli cha mkono wangu kisiangukie karatasi, na mara hii likasomwa sawasawa. Kwa maswali yaliyochapwa kitabuni sikupata tatizo hilo hata mara moja. Shida ni mwandiko, na zaidi ubao uliopigwa picha kutoka dawati la nyuma.

Katika kugawa visehemu, programu inafanya kazi nzuri. Iliweka umbo linalotakiwa, A/(x - 1) + (Bx + D)/(x² + 4), na haikusahau kwamba juu ya x² + 4 lazima pawe na Bx + D na si namba peke yake, kosa ambalo nalisahihisha kila mwaka. Kisha ikafungua mabano yote na kuunda milinganyo mitatu. Mimi ningeanza kwa kuweka x = 1, ambapo kipande cha pili kinatoweka na kubaki 10 = 5A, hivyo A ni 2; halafu namba za x² zinadai A + B = 5, kwa hiyo B ni 3, na namba zisizo na x zinadai 4A - D = 9, kwa hiyo D ni -1. Ni mistari mitatu badala ya ukurasa mzima, lakini njia yao si kosa, na mwanafunzi anayeifuata hatapotea.

Malalamiko yangu makubwa yako kwenye hatua inayofuata. Kutoka kwenye kisehemu (3x - 1)/(x² + 4) programu iliruka moja kwa moja hadi jibu, hata baada ya mimi kulipia maelezo kamili. Hapo ndipo mwanafunzi anapokwama. Inabidi kisehemu hicho kipasuliwe tena: 3x/(x² + 4) upande mmoja na -1/(x² + 4) upande wa pili. Cha kwanza kinakaribiana na derivativu ya asili, ambayo ni 2x, kwa hiyo kinatoa logi asilia ikizidishwa kwa 3/2. Cha pili hakina x juu, na kinatoa arctan. Jibu zima ni hili:

```
2 ln|x - 1| + (3/2) ln(x² + 4) - (1/2) arctan(x/2) + C
```

Ile 1/2 iliyo mbele ya arctan hutokana na mzizi wa 4, na mwanafunzi asiyeoneshwa mahali ilipotoka ataisahau kwenye mtihani au ataandika 1/4.

Jambo la mwisho nililolijaribu ni kuweka mipaka, kutoka 0 hadi 2. Programu ilinipa takriban 0.647 bila onyo lolote. Namba hiyo hupatikana kweli mtu akiingiza mipaka katika jibu la hapo juu, kwa sababu ln|x - 1| ni sifuri katika ncha zote mbili, hivyo hubaki (3/2) ln 2 - π/8. Lakini katikati ya safari kuna x = 1, mahali ambapo asili ni sifuri; upande wa kushoto grafu inazama chini bila kikomo na upande wa kulia inapanda juu bila kikomo, na kwa hiyo integrali hiyo haina thamani. Kutoka 2 hadi 3, ambako hakuna shimo, jibu lake lilikuwa sahihi.

Sikulipia mwezi wa pili. Toleo la bure linanitosha kusahihisha visehemu haraka ninapokuwa na madaftari mengi mezani, mradi nisome kwanza ule mstari wa juu, na hatua ya kupasua kisehemu cha pili ninaiandika mwenyewe ubaoni. Kwa kugawa visehemu ninaipa nyota nne kati ya tano, na kwa maelezo ya integrali ninaipa mbili.